Picha za simu zilizolala ubavu: uso hauonekani, au unaonekana na sura inatoka si ya mteja

studio_ya_barabarani (Kampala)

Salaam wakuu. Tuna templeti za sherehe ya kwanjula: mwili wa gomesi au kanzu umepigwa vizuri studio, mteja analeta picha yake ya simu, na skripti inabandika uso wake juu ya templeti. Tunatumia insightface, modeli ya `buffalo_l` kutafuta uso na `inswapper_128.onnx` kubadilisha. Wateja wenyewe ndio wanaotuletea picha, na wanasaini.

Kati ya picha 40 za juzi, 11 zimegoma. Saba zinaangusha skripti kwa `IndexError: list index out of range`. Nne zinapita bila kosa, lakini anayetoka si mteja, ni kama binamu yake wa mbali.

Kinachonichanganya ni kwamba picha hizo hizo mteja akinitumia kwa wasapu zinafanya kazi. Nikizitoa kwenye simu yake kwa kebo zinagoma. Nikizifungua kwenye kompyuta zimesimama wima, hazina shida yoyote. Nilidhani ni ukubwa, nikazipunguza ndani ya skripti, hakuna kilichobadilika.

---

MukonoMkali

Zimelala hizo. Kamera ya simu inahifadhi picha kwa upana hata ukiisimamisha. Ongeza laini moja tu: kama upana unazidi urefu, zungusha digrii 90. Kwisha kazi.

---

fundi_pikseli (Entebbe)

Mukono, nusu yako ya kwanza ni sahihi kabisa, ya pili itamletea hasara. Picha ya shangazi na bibi harusi wamekaa kwenye mkeka imepigwa kwa upana kihalali. Laini yako itawalaza wote. Na hata kwa picha iliyolala kweli, upana haukwambii izungushwe kulia au kushoto.

Studio, dalili ya wasapu imeshatoboa siri. Kihisi cha kamera kimefungwa kwa upana ndani ya simu. Ukiisimamisha simu, zipo zinazozungusha pikseli zenyewe kabla ya kuhifadhi, lakini nyingi hazizigusi: zinaandika tu kwenye EXIF namba inayosema "anayeonyesha, azungushe hivi". Tagi hiyo inaitwa `Orientation`, namba yake ni 274, na thamani zake ni 1 hadi 8. Programu ya kuonyesha picha inaitii, ndiyo maana machoni mwako imesimama. Wasapu ukituma kama picha ya kawaida inazungusha pikseli zenyewe na kuondoa EXIF, kwa hiyo skripti yako inapokea picha iliyokwisha kusimama. Ukituma kama hati, faili linafika kama lilivyo na shida inarudi.

Kabla ya kubadilisha chochote, piga hii kwenye folda ya picha za wateja:

```
exiftool -n -T -FileName -Orientation -ImageWidth -ImageHeight picha/
```

Kisha bandika hapa laini ya skripti inayofungua picha. Hiyo moja tu, usitumwagie skripti nzima.

---

kipepeo256

Mimi EXIF naifuta yote siku picha inapoingia, `exiftool -all= *.jpg`. Humo mna GPS ya nyumbani kwa mtu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 sitaki kukutwa na mahali wanapolala wateja wangu. Futa tu, skripti haitakuwa na cha kuchanganyikiwa nacho.

---

fundi_pikseli

Kipepeo, sababu yako naiunga mkono, ila mpangilio umeugeuza. Ukifuta kabla ya kuzungusha, pikseli zinabaki zimelala na umetupa karatasi pekee iliyosema zisimamishwe vipi. Sasa hata programu ya kuonyesha itaionyesha imelala. Zungusha kwanza, hifadhi, ndipo ufute.

Kama umeshazifuta na hukutumia `-overwrite_original`, exiftool iliacha nakala zenye mkia `_original` pembeni. Zirudishe:

```
exiftool -restore_original picha/
```

---

studio_ya_barabarani

Nimepiga. Katika zile 11: nane zina 6, moja ina 8, mbili zina 1. Zote upana 4032, urefu 3024. Zilizotoka wasapu zinaonyesha kistari tu mahali pa namba.

Laini ya kufungua ni hii:

```python
img = cv2.imread(njia, cv2.IMREAD_UNCHANGED)[:, :, :3]
```

Na nilijaribu kuhakikisha kwa Pillow. Pillow `im.size` inanipa `(4032, 3024)`, na `cv2.imread(njia)` ya kawaida `.shape` inanipa `(4032, 3024, 3)`. Zinalingana. Kwa hiyo cv2 haizungushi chochote, sivyo?

---

fundi_pikseli

Mitego miwili kwa mpigo.

Tuanze na namba hizo, zimewadanganya wengi. `size` ya Pillow inataja upana kwanza. `shape` ya OpenCV inataja urefu kwanza. Kwa hiyo Pillow anakwambia picha ina upana 4032, imelala. OpenCV anakwambia picha ina *urefu* 4032, imesimama. Hazilingani hata kidogo: ni picha moja kwa pande mbili tofauti, na namba zimefanana kwa sababu kila mmoja anazitaja kwa mpangilio wake. Pillow anapofungua faili hagusi tagi. OpenCV kwa `imread` ya kawaida anaitii.

Mtego wa pili ndio mwizi wako. `IMREAD_UNCHANGED` inaambia OpenCV ilete faili kama lilivyo, na hiyo ni pamoja na kuipuuza tagi ya mwelekeo. Nadhani uliiweka kwa ajili ya templeti za PNG zenye uwazi nyuma, ili usipoteze ile chaneli ya nne, kisha kazi ileile ikatumika kufungua picha za wateja. Kwa templeti ni sahihi. Kwa picha ya simu umeondoa breki.

---

studio_ya_barabarani

Ndiyo, ni kazi moja kwa zote mbili. Gomesi yetu ina pindo la bega linalohitaji uwazi.

Lakini nieleze jambo moja. Kama uso umelala, si ungegoma kwa zote? Kwa nini nne zilipita na sura mbovu?

---

fundi_pikseli

Swali hili ni kubwa kuliko lile la kosa. Zile saba zilizoanguka zimekufanyia hisani, zimekuambia zimekufa. Zile nne ndizo zingefika kwa mteja zimechapishwa.

Kigunduzi kimefunzwa kwa nyuso zilizosimama au zilizoinama kidogo. Ukimpa uso uliolala digrii 90, mara nyingi haoni kitu, orodha inarudi tupu, na `faces[0]` yako inaanguka. Mara nyingine anahisi kuna uso, alama yake inapita kizingiti cha 0.5 kwa shida, lakini zile pointi tano, yaani macho mawili, pua na pembe mbili za mdomo, anaziweka kwa mazoea kana kwamba uso umesimama. Jicho moja linaangukia kwenye shavu, mdomo kwenye sikio.

Sasa fuata pointi hizo zinakokwenda. Kwako picha ya mteja ndiyo chanzo. Uso wake unakatwa na kunyooshwa kwa pointi tano, kipande kinapelekwa kwenye modeli ya utambuzi, na kinachotoka ni vekta ya sura. Inswapper haioni picha ya mteja kabisa, inapokea vekta hiyo tu. Pointi zikikaa vibaya, kipande kinakatwa kimepinda, vekta inakuwa ya mtu asiyekuwepo, na templeti inapata uso safi, uliosimama vizuri, wa binamu. Hakuna mshono mbaya wala kivuli cha ajabu cha kukushtua, kwa sababu upande wa templeti kila kitu ni sawa.

Kumbe kuzunguka kwenyewe si sumu. Pointi tano zikikaa mahali pake, uso ungenyooshwa hata ungekuwa kichwa chini. Kinachovunjika ni hatua ya kutafuta.

---

Binti_wa_Jinja

Na mimi nina hilo hilo kwenye video za simu, fremu nyingine zinalala. Nimetafuta tagi ya 274 kwenye MP4 sijaiona. Nimekosea wapi?

---

fundi_pikseli

Dada, hiyo ni njia nyingine. Video haitumii tagi hii, ina matriki yake ya kuonyesha ndani ya faili. Piga `ffprobe` uone kama kuna mstari unaosema `rotation of -90.00 degrees`. ffmpeg ikitoa fremu huzizungusha yenyewe isipokuwa umeiwekea `-noautorotate`. Kama sehemu ya fremu unazitoa kwa ffmpeg na nyingine kwa programu tofauti, hapo ndipo pa kutazama. Fungua uzi wake, huu usije ukagawanyika.

Studio, turudi kwako. Tenganisha milango. Templeti ibaki na `IMREAD_UNCHANGED`. Picha ya mteja ipite hapa, na hapa tu:

```python
from PIL import Image, ImageOps
import numpy as np

def fungua_mteja(njia):
    with Image.open(njia) as im:
        tagi = im.getexif().get(274, 1)
        im = ImageOps.exif_transpose(im).convert("RGB")
    bgr = np.array(im)[:, :, ::-1]
    return np.ascontiguousarray(bgr), tagi
```

`exif_transpose` ipo tangu Pillow 6.0. Inazungusha pikseli na kuiondoa tagi kwenye picha inayorudisha, kwa hiyo anayefuata hawezi kuzungusha tena. Laini ya kugeuza chaneli ipo kwa sababu Pillow hutoa nyekundu kwanza na insightface hutegemea bluu kwanza.

Ungeweza kuondoa tu `IMREAD_UNCHANGED` na cv2 ingekutosha. Mimi napendelea hii kwa sababu inanirudishia tagi niiandike kwenye logi. Chagua moja, lakini usichanganye. Ukitafuta uso kwa cv2 iliyozungusha, kisha ukate picha kwa Pillow ambayo haijazungusha, visanduku vitaangukia ukutani. Na kama picha ni ya mraba hutapata hata kosa la kupita mpaka.

---

mzee_wa_mbarara

Ongezeni na HEIC za iPhone, maana vijana wanazileta nyingi. Huko mzunguko umeandikwa kwenye muundo wa faili lenyewe, na kisomaji huutekeleza wakati wa kufungua. Ukitumia `pillow_heif`, picha inakuja imesimama na tagi imeshawekwa kuwa 1, kwa hiyo kazi ya fundi inapita salama. Kosa ni la wale wanaosoma namba kwa exiftool, wanakuta 6, wanazungusha tena kwa mkono. Picha iliyokuwa imesimama wanailaza wao.

Vivyo hivyo kwa vigeuzi vya HEIC kwenda JPEG: vingine vinazungusha pikseli na kusahau kuirudisha tagi kuwa 1. Faili hilo linalala popote tagi inapotiiwa, na linasimama pale inapopuuzwa. Ukikuta picha inafanya kinyume cha zote, uliza ilipitia kigeuzi gani.

---

fundi_pikseli

Mzee amesema kweli. Hapo ndipo tagi peke yake haitoshi kuaminiwa, na unahitaji shahidi mwingine: uso wenyewe. Baada ya kigunduzi kujibu, pima mteremko wa mstari wa macho:

```python
import math

def mteremko(kps):
    (x0, y0), (x1, y1) = kps[0], kps[1]
    return math.degrees(math.atan2(y1 - y0, x1 - x0))
```

`kps[0]` ni jicho lililo kushoto mwa picha uso ukiwa umesimama, `kps[1]` la kulia. Mtu aliyesimama hutoa namba karibu na 0. Aliyeinamisha kichwa kwa mapozi, 15 au 20. Ukiona karibu na -90, paji la uso linatazama kushoto mwa picha, na dawa ni `cv2.ROTATE_90_CLOCKWISE`. Hivyo ndivyo picha yenye tagi 6 inavyoonekana ikipuuzwa. Karibu na +90 ni kinyume chake, ndiyo 8. Karibu na 180, upande wowote, imepinduliwa, ndiyo 3.

Tahadhari: kipimo hiki kina maana pale tu pointi zimekaa sawa. Uso uliokisiwa, kama zile nne zako, unaweza kukupa mteremko mzuri wa digrii 5 huku ni uongo mtupu. Kwa hiyo soma pamoja na `det_score`. Alama dhaifu na mteremko mzuri si ushahidi wa kitu.

---

studio_ya_barabarani

Nimebadilisha mlango. Katika 11, nane zimekaa sawa, na zile nne za binamu zote zimo, sasa ni wateja wenyewe. Nashukuru sana ssebo.

Zimebaki tatu. Mbili ni zile zenye tagi 1, na nikizifungua hata kwenye kompyuta hazikai wima. Ya tatu ina tagi 6, imesimama sawa kabisa, lakini bado hakuna uso. Ni selfi, mteja amejaa fremu kutoka kidevu hadi nywele.

---

MukonoMkali

Hizo mbili si ndiyo laini yangu sasa?

---

fundi_pikseli

Mukono, karibu tu. Studio, hizo mbili si picha za picha? Mtu ameweka picha ya karatasi mezani akaipiga kutoka juu?

---

studio_ya_barabarani

Umejuaje? Ni picha za pasipoti, za marehemu baba wa mteja. Familia wanataka awepo kwenye albamu.

---

fundi_pikseli

Simu inajua upande wa chini kwa kuhisi mvutano wa dunia. Ukiilaza bapa juu ya meza, mvutano unapita mgongoni mwake, na simu haina namna ya kujua upande upi ni juu. Inabaki na mwelekeo wa mwisho iliokuwa nao. Tagi ipo, ni halali, na ni ya uongo. Hakuna maktaba itakayokuokoa hapo.

Kwa hizi jaribu pande nne: kama ilivyo, 90 kulia, 90 kushoto, 180. Kila upande tafuta uso, tupa wenye mteremko unaozidi 45 kwa upande wowote, kisha chukua wenye `det_score` kubwa zaidi. Tumia `cv2.rotate`, maana `np.rot90` inakupa mtazamo tu wa data ileile na baadhi ya kazi za OpenCV zitaikataa mpaka uipitishe kwenye `np.ascontiguousarray`.

Kwako picha hii ni chanzo tu, kwa hiyo ukishapata vekta unaweza kuisahau. Anayebandika uso *juu ya* picha ya simu ndiye lazima akumbuke alizungusha wapi, na airudishe kabla ya kuhifadhi. Mtoto aliyelala kitandani, tagi yake ni sahihi na uso wake umelala kihalali. Ukimsimamisha kwa ajili ya kigunduzi na usimrudishe, kitanda kitakuwa ukutani.

Selfi ile haihusiani na mwelekeo. Uso uliojaa fremu nzima, picha ikipunguzwa hadi 640 kwa 640, unakuwa mkubwa kuliko kigunduzi kilivyozoea. Mpe nafasi ya kupumua:

```python
p = img.shape[0] // 3
img = cv2.copyMakeBorder(img, p, p, p, p, cv2.BORDER_CONSTANT)
```

Au andaa kigunduzi cha pili chenye `det_size=(320, 320)` kwa zinazogoma tu.

---

kipepeo256

Kwa nini zinazogoma tu? Mimi ningezungusha pande nne kwa kila picha, tagi au hakuna tagi, nichague bora. Kutafuta uso ni sehemu ndogo ya muda, na ningeachana na EXIF milele.

---

fundi_pikseli

Muda si hoja yangu. Picha yenye watu kadhaa, au yenye fulana iliyochapwa sura ya mtu, ikizungushwa pande nne inakupa nafasi nne za kupata uso usio wa mteja. Nukta ya mia ikiongezeka kwa uso wa kwenye fulana, umebadilisha mteja. Tagi kwanza, pande nne kwa zilizoshindwa au zenye alama dhaifu.

---

kipepeo256

Kwa picha za mtu mmoja bado nashikilia langu.

---

mzee_wa_mbarara

Kila mtu na duka lake. Ila studio, kabla ya kulala, tengeneza majaribio ya kudumu, usisubiri picha za harusi ijayo:

```
for i in 1 2 3 4 5 6 7 8; do
  exiftool -n -Orientation=$i -o t$i.jpg uso.jpg
done
```

Chukua `uso.jpg` isiyo ya mraba. Pikseli ni zilezile kwenye faili zote nane, tagi tu ndiyo inabadilika. Zikipita kwenye `fungua_mteja`, 1 hadi 4 zitoke na upana uleule, 5 hadi 8 zitoke upana na urefu vimebadilishana. Zote nane zikitoka sawa, kuna mtu ndani ya skripti anapuuza tagi.

---

studio_ya_barabarani

Nimefanya. Nne za mwisho zimebadilishana kama ulivyosema. Picha za pasipoti zimekubali, moja kwa 90 kulia na nyingine 180. Selfi nayo imeonekana baada ya kuongeza ukingo.

Swali la mwisho. Faili la 2 limetoka kama kwenye kioo, na uso umeonekana kwa alama nzuri tu. Kuna simu zinazohifadhi selfi hivyo. Mteja mwenye mwanya upande mmoja, au kovu, vekta itajua?

---

fundi_pikseli

2, 4, 5 na 7 zote zina kioo ndani. `exif_transpose` inazishughulikia. Lakini simu iliyogeuza pikseli zenyewe haiachi alama, na kigunduzi hakitakushtua, kwa sababu uso wa kioo ni uso halali. Utaijua kwa maandishi ya fulana tu. Vekta ya uso na ya kioo chake hukaribiana sana. Kovu dogo lenyewe, kwa uso wa 128 kwa 128 unaotoka kwa inswapper, mara nyingi halifiki kabisa.

---

Binti_wa_Jinja

Mwanya unafika. Nimeuona ukitokea upande usio wake.

---

fundi_pikseli

Uliona kwenye chanzo kilichogeuzwa, au templeti yenyewe ilikuwa na mwanya? Weka tagi za faili zote mbili tuzitazame.